Maneno ya kadi ya Siku ya Mama kwa mama aliyelea peke yake: maswali yenu na majibu

Mama katulea wanne peke yake, baba aliondoka nikiwa darasa la 2. Kadi za dukani zote ni malkia wangu, malaika wangu, na mama hapendi kabisa hayo mambo. Nimeandika hivi: "Mama wewe ni malaika wangu, bila wewe mimi si kitu, nakupenda mpaka mwisho wa dunia." Naona haijakaa sawa. (Dada wa Tanga)

Mdogo wangu umeona vizuri, haijakaa. Hayo maneno unaweza kumpa mama yeyote yule na yatamfaa, na hapo ndo kasoro ilipo. Alafu yasome tena, yanakuongelea wewe zaidi kuliko yeye, wewe si kitu, wewe unapenda, yeye mwenyewe kafanya nini hakuna. Mwanamke aliyebeba nyumba peke yake miaka yote hiyo mara nyingi kitu anachokosa ni mtu wa kusema niliona, maana hakuwa na mtu mzima mwenzake ndani ya nyumba wa kumwambia leo umechoka, pole.

Ndo maana nilikurudishia meseji nikakuuliza mambo matatu: alikuwa anaamka saa ngapi, anafanya nini, na wewe ulijuaje. Ukaniambia alikuwa anauza vitumbua, mchele analoweka jioni, anasagisha, anachanganya na tui la nazi na hamira, saa 10 alfajiri yuko jikoni na chuma cha vitumbua, saa 1 asubuhi ameshakaa karibu na geti la shule. Na wewe ulikuwa unasikia mafuta yanachemka unajifanya umelala kwa sababu ukionekana macho utaitwa kuosha vyombo. Sasa hiyo ndo kadi yenyewe, ulikuwa nayo siku zote. Nikaipanga hivi:

"Shikamoo mama. Saa kumi alfajiri nilikuwa nasikia chuma cha vitumbua, najifanya nimelala. Leo najua ulikuwa unakaanga ada zetu. Umetulea wanne, wote tumesoma tukamaliza. Asante."

Ukanijibu mbona kaka yetu wa pili aliacha shule kidato cha 3. Basi hiyo sentensi ya wote tumesoma tukamaliza lazima itoke, mama akiisoma atakwama hapohapo, atamkumbuka huyo mwanae na kadi yote itageuka kidonda. Weka "Umetulea wanne na wote tupo." Ni fupi, ni kweli, na kwa mama ambaye kuna miaka alikuwa halali akiwaza mtakula nini, hilo neno tupo lina uzito wake. Na shikamoo usiitoe hata kama mtu atakwambia kwenye kadi haiandikwi, kwa mama wa rika hilo kadi inayoanza bila salamu ni kama mtoto kaingia ndani hajabisha hodi.

Urefu usizidi huo, maneno kama 25, mwandiko mkubwa. Mama zetu wengi macho yameanza kuchoka na hawapendi kumwita mjukuu awasomee kadi yao.

Kuna ubaya gani kuandika "wewe ni mama na baba"? Watu wote wanaandika hivyo. (Kaka, Nakuru)

Ubaya wa lazima haupo kaka, kuna akina mama wanaipenda na wenyewe wanajiita hivyo, mimi ndo mama mimi ndo baba hapa. Kama mama yako anasema hivyo kwa mdomo wake, andika, ni maneno yake unamrudishia. Ila kama hujawahi kumsikia akisema, fikiria kwanza. Siku hiyo ni yake, na wewe ukishaandika neno baba umeshamleta mwanaume mezani, atakaa hapo mpaka chakula kiishe. Wapo wengine watasoma hiyo na kusikia kwamba umama wake tu ulikuwa hautoshi mpaka uongezewe cheo.

Njia nzuri zaidi ni kutaja ile kazi yenyewe watu wanayosema ni ya baba, bila kutaja baba. Nani alikwenda kikao cha wazazi shuleni? Nani aliongea na mwenye nyumba kodi ilipochelewa? Nani alipanda juu ya bati mvua ilipokuwa inavuja? Basi: "Mama, kikao cha wazazi hukukosa hata kimoja. Nilikuwa nakuona umekaa mbele, najua siko peke yangu." Hapo mtu yeyote anaelewa bila kuambiwa.

Na singo maza kwenye kadi hapana, hata kama mtaani tunasema. Ni neno ambalo wengi wao walirushiwa kwa dharau, huwezi kujua lilimkuta wapi.

Sisi baba alifariki, hakutuacha. Je tumtaje au tunyamaze? (Mdau, Morogoro)

Hapa ni tofauti kabisa na wale walioachwa, na ndo maana kadi moja haiwezi kufaa wote. Wajane wengi wanaumia zaidi watu wakijifanya waume zao hawakuwahi kuwepo. Mtaje, ila mara moja tu, na kwa heshima, kisha rudi kwa mama: "Mama, marehemu baba alituacha mikononi mwako. Angetuona leo angekushukuru wewe kabla ya kutupongeza sisi." Usiandike habari za msiba, za kaburi, za ulilia sana. Kama ni mwaka wa kwanza tangu afariki mimi nisingemtaja kwenye kadi, ningekwenda kukaa naye.

Niandike "ulinilea" au "umenilea"? Mwenzangu kanicheka. (Binti wa chuo, Dodoma)

Yote Kiswahili sahihi ila ujumbe si uleule. Ulinilea inasikika kazi iliisha zamani, mmeshamalizana. Umenilea inabeba mpaka leo, yaani matokeo yake ndo haya mimi niliyesimama hapa. Kwa hiyo kulea, kusomesha, kufikisha, tumia -me-. Tukio la siku moja ndo liende na -li-: "uliuza cherehani nikaenda fomu wani." Ukichanganya hivyo kadi inakaa vizuri, -li- kwa ulichokiona, -me- kwa kilichobaki.

Mama alikwenda kufanya kazi za ndani Oman nikiwa na miaka 7, karudi nina 13. Nililelewa na bibi. Najua alikwenda kwa ajili yetu ila moyoni bado kuna kitu. Sitaki kuandika uongo. (Jina limehifadhiwa)

Nimekaa na swali lako siku 3 kabla ya kujibu, mwanangu, kwa sababu nataka nikujibu vizuri.

Usiandike "ulikuwepo daima", hakuwepo na wote wawili mnajua. Usiandike pia "nimekusamehe", hata kama ndo kweli kabisa imetoka moyoni, maana kwenye kadi hilo ni shtaka lenye maua pembeni, atalisoma mbele ya wageni na hana pa kujibia. Kile kitu kilichobaki moyoni kina siku yake, mkae wawili, mlango umefungwa, si Jumapili ile.

Kwenye kadi andika tu kile ulichokishika kwa mkono. Ulinieleza kuhusu simu za Ijumaa, kwamba bibi alikuwa anawapanga mstari kila mtu aongee dakika yake, na viatu vya shule vilivyokuja vikubwa namba mbili kwa sababu hakuwa anajua mguu wako umefika wapi. Vile viatu vinasema yote, upendo wake na umbali wake, na huhitaji kuongeza neno:

"Mama, viatu ulivyonitumia vilikuwa vikubwa, bibi akajaza pamba nikavaa. Nilivivaa mpaka vikanitosha. Sasa ni mtu mzima, naelewa ulikuwa unanipimia ukiwa mbali. Naomba radhi zako."

Naomba radhi zako usiichukulie kama unajidhalilisha, mtoto kuomba radhi za mzazi ni heshima na haimaanishi wewe ndo uliyekosa, mama wa pwani akisoma hilo anajua umemweka mahali pake. Na kama bibi yupo hai andika kadi ya pili, siku hiyohiyo, isiwe fupi kuliko ya mama.

Nataka maneno mafupi ya kwenye keki na mengine ya kanga, tunampa mama doti mbili. (Dada wa Mombasa)

Keki ya kilo moja maneno matatu manne basi, mwandishi wa krimu akizidisha herufi zinapandana. "Mama, tumefika." "Kazi yako tumeiona." Inatosha.

Kanga ni jambo lingine, na hapo kuwa makini. Jina la kanga halisomwi na mama peke yake, linasomwa na mtaa mzima akipita nalo, na watu wamezoea kutafuta limelenga nani. Ukichukua "Kuzaa si kazi, kazi kulea", methali nzuri, ya kweli, lakini kwa mama aliyeachwa majirani wataisoma kijembe kwa baba yenu au kwa yule mwanamke mwingine, na mama yako ataonekana kama bado yuko vitani wakati yeye alishamaliza zamani. Kwenye kadi ya ndani sawa, kwenye kanga mimi nisingeiweka. Nani kama mama ipo tayari, haina ubaya, haina pia chochote cha kwake.

Kama mnaagiza ya kuchapisha, fanyeni la kwenu, mstari mmoja unaokaa juu ya pindo la chini: TUMEVUKA KWA MGONGO WAKO. Au kama sasa hivi nyie ndo mnalipa bili na mnataka apumzike: MAMA TUA, TUPOKEE SISI. Hilo la pili mimi nalipenda sana, ila msilichape kama hamjaanza kupokea.

Kadi ya kununua au ya kuandika mwenyewe? Na tarehe ni ipi, dada yangu yuko London anasema siku ilishapita. (Mdau, Arusha)

Dada yako hajakosea, Uingereza wanaifanya Jumapili ya 4 ya Kwaresima, kwa hiyo inaangukia Machi au mwanzoni mwa Aprili. Huku kwetu wengi tunafuata ile ya Marekani, Jumapili ya 2 ya Mei. Hiyo ya Marekani ilianzishwa na Anna Jarvis, aliandaa ibada ya kumkumbuka mama yake mwaka 1908 kule Grafton, Virginia ya Magharibi, na mwaka 1914 rais Wilson akaitangaza kitaifa. Huyo Anna baadaye alipigana na biashara ya kadi za kuchapwa mpaka uzeeni, na alisisitiza jina la siku liandikwe kwa umoja, mama mmoja wa kila nyumba, sio akina mama wote kwa jumla. Kwa hiyo nunua kadi ukipenda maua yake, ila tafuta ile ambayo ndani ni nyeupe, alafu peni ya bluu, mwandiko wako, na kabla ya kuibandika isome kwa sauti ukijiuliza jirani anaweza kumpa mama yake kadi hiihii bila kubadilisha kitu. Akiweza, rudi ukatafute chuma chako cha vitumbua.