Pepa haisomwi kama hadithi, mwanangu

"Shikamoo mama. Ile pepa ya utafiti wa dripu kwa watoto, unaoitwa FEAST, nina siku ya pili nayo na bado niko ukurasa wa tatu, kila mstari nafungua dikshenari. Kuprezenti ni Ijumaa. We unafundisha hayo mambo kila siku, hivi watu wanazisomaje?"

Marahaba mwanangu. Kwanza funga dikshenari, alafu toka huko ukurasa wa tatu, maana nakujua, umeanza na utangulizi ukataka uumalize ndo uendelee. Hata wanafunzi wangu hapa chuoni hufanya hivyo hivyo, wanachokea mlangoni, wakifika kwenye majibu kichwa kimeshajaa.

Anza na ule muhtasari wa mwanzoni, dakika tano tu, na usiusome wote kwa uzito mmoja. Unatafuta vitu vinne: wagonjwa ni nani, wamepewa nini, wamelinganishwa na nani, na kilichohesabiwa ni nini. Kwenye hiyo yako utakuta ni watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri, wamelazwa Kenya, Tanzania na Uganda. Kundi moja limepewa maji mengi ya haraka ya salaini, yaani maji ya chumvi, jingine ya albumini, yaani protini ya damu, na la tatu halikupewa hayo ya haraka, ila makundi yote yalipata matibabu ya kawaida pamoja na dripu ya taratibu. Kilichohesabiwa ni vifo ndani ya saa 48. Andika hayo kwa Kiswahili chako pembeni. Usipoweza kuyaandika usisogee mbele, utakuwa unasoma maneno tu.

Sasa ruka mpaka kwenye tebo ya vifo, na ule mjadala wa mwisho usiuguse bado, kwa sababu pale waandishi wanakueleza namna ya kuziona namba zao na ukishaambiwa huwezi tena kuziona mwenyewe. Chukua kalkuleta ya simu. Salaini walikufa 110 kati ya 1047, albumini 111 kati ya 1050, na wale wasiopewa maji ya haraka 76 kati ya 1044. Gawanya. Utapata kama asilimia 10.5, 10.6 na 7.3. Yaani katika kila watoto 100, wale wa maji ya haraka walikufa watatu zaidi, na hapo ndo unashtuka, maana wengi tulitegemea kinyume chake, hayo maji yalikuwa yanatolewa kama dawa ya kuokoa.

Baada ya hapo ile 1.45, inayolinganisha vifo vya waliopewa maji ya haraka na wasiopewa, haitakutisha. Jumlisha makundi mawili ya maji ya haraka, vifo 221 kati ya 2097, hiyo ni 10.54, ukigawa kwa 7.28 ya wasiopewa unaipata, basi. Na zile namba mbili zilizokaa pembeni yake, 1.13 hadi 1.86, angalia kitu kimoja tu: zimepita juu ya 1 au moja iko katikati yake? Hapa zote ziko juu ya 1, kwa hiyo ni ngumu kusema tofauti ile imetokea kwa bahati tu. Ingekuwa 0.9 hadi 1.8 ungeongea kwa tahadhari zaidi.

Sehemu ya mbinu watu wanaiogopa, mi nakwambia usiisome yote, tafuta aya inayosema nani hakuingizwa kwenye utafiti. Hapo tulia, soma mara mbili. Mwaka mmoja mwanafunzi wangu alisimama mbele ya darasa akasema "kwa hiyo mtoto asiwekewe dripu ya haraka", nikamuuliza na mwenye kuhara aliyekaukiwa maji? Kimya. Watoto wenye kuhara na kutapika waliachwa nje, na wenye utapiamlo mkali pia, kwa hiyo pepa hii haisemi chochote juu yao. Nusu ya makosa ninayosahihisha yanatoka kwenye aya hiyo moja. Humo humo angalia walipanga kuchukua watoto wangapi: 3600, wakaishia 3141 kwa sababu uandikishaji ulisimamishwa kabla ya wakati, uliza kwanini, mwalimu wako atapenda hilo swali. Hesabu nyingine za takwimu ziache, mwaka wa kwanza hazikuhusu.

Mjadala ndo unasoma sasa, na utashangaa unavyoenda haraka, maana unajua tayari wanatetea nini. Maneno magumu uliyokutana nayo zaidi ya mara tatu ndo ya kutafuta, mengine yapite.

Ukimaliza funika pepa, andika sentensi nne bila kuchungulia: nani, nini, namba ngapi, na haiwahusu kina nani. Utakapokwama rudi pale pale tu. Nitumie hizo nne wasapu leo usiku kabla hujagusa slaidi, na ule kwanza.