Lita ngapi uandike kwenye tangazo la ng'ombe

*Daktari, ninauza ng'ombe wangu wa maziwa. Nimetangaza hivi: "Umri miaka 5, lita 22 kwa siku, bei maelewano, karibuni mumwone." Wamekuja watu 3, wameangalia ndoo ya jioni, wakaondoka wakisema nimewadanganya. Lita 22 alizitoa kweli, niliona kwa macho yangu. Amezaa mara 3, mara ya mwisho miezi 5 iliyopita, na amepandishwa miezi 2 iliyopita. Nimekosea wapi?*

Ndugu mfugaji, naamini aliwahi kutoa lita 22. Lakini hizo ni lita za kilele, na mnunuzi hanunui kilele kilichokwisha kupita.

Ng'ombe akizaa, maziwa hupanda kwa wiki 6 hadi 8, kisha huanza kushuka. Ng'ombe mkubwa anayelishwa vizuri hushuka kwa karibu sehemu 1 ya 10 kila mwezi. Tuseme wako alifika 22 kwenye wiki ya 6, halafu ikapita miezi 3 na nusu. Ukipiga hesabu hiyo, leo anapaswa kuwa kwenye lita 15 au 16. Hakuna ugonjwa hapo, ndivyo ng'ombe wa maziwa alivyo. Wageni wako waliona ndoo ya jioni yenye lita 6 au 7, wakailinganisha na 22 za tangazo, nawe hukuwapa tarehe ya kuzaa ambayo ingewaeleza tofauti hiyo imetoka wapi.

Kwa hiyo andika lita za wiki hii, na tarehe aliyozaa iwe karibu nazo. Kilele ukitaje pia, ila ukiite kilele. Mnunuzi anayejua ng'ombe atafurahia kuziona namba zote tatu, kwa sababu zitamsaidia kuona mbele. Amepandishwa miezi 2 iliyopita, mimba huchukua kama siku 283, na anapaswa kukaushwa siku 60 kabla ya kuzaa. Basi imebaki miezi 5 hivi ya kukamwa. Akianzia lita 15.5 na kushuka kwa kiwango kile kile, mnunuzi atapata kama lita 1,800 kabla ya kumkausha, kisha ndama na mzao mpya. Hesabu hiyo ndiyo inayoshikilia bei yako.

Lakini yote hayo yanasimama juu ya mimba, na kupandishwa si kushika mimba. Mwite daktari wa mifugo ampime kwa mkono. Kwa miezi 2 mtaalamu mwenye uzoefu huitambua. Kabla ya kupimwa, andika "amepandishwa tarehe fulani" na uishie hapo. Nimeona mauziano mengi yakigeuka ugomvi kwa sababu muuzaji aliandika "ana mimba" kwa kuwa tu hakumwona akirudi kwenye joto.

Umri wa ng'ombe uliouandika hauna shida, ila uupe ushahidi. Meno ya mbele ya kudumu hutoka jozi moja baada ya nyingine, kuanzia karibu miaka 2, na jozi ya nne hukamilika karibu miaka 4. Baada ya hapo anayefunua mdomo hukisia tu kwa jinsi meno yalivyolika. Ndiyo maana hesabu ya mizao ina nguvu kuliko meno. Kama alizaa mara ya kwanza akiwa na miezi 28, na ikapita miezi 13 na nusu kati ya mzao na mzao, leo ana miezi 60 kamili. Zikikubaliana hivyo na daftari lako, hakuna wa kubisha.

Sasa kuhusu kumwonyesha, ambako ndiko ulikoharibu zaidi. Kumwona ng'ombe akikamwa mara moja hakumwambii mnunuzi chochote, maana hajui alikamwa lini kabla ya hapo. Wapo wauzaji wanaoruka mkamo mmoja ili kiwele kijae. Ng'ombe wa namna hiyo utamjua: kiwele kimekaza mpaka kinang'aa, chuchu zinadondosha maziwa zenyewe, naye anatembea ametanua miguu ya nyuma kwa maumivu. Wewe hukufanya hivyo, lakini mgeni hana njia ya kujua.

Mpe njia hiyo. Mwambie aje saa 11 jioni, ashuhudie kiwele kikikamwa mpaka mwisho, na maziwa hayo yasihesabiwe kabisa. Kisha ashuhudie mkamo wa saa 11 alfajiri na ule wa saa 11 jioni unaofuata. Jumla ya hiyo miwili ndiyo lita za siku. Pima kwa mizani, si kwa jicho, kwa sababu povu hujaza ndoo. Toa uzito wa ndoo tupu. Lita 1 ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, kwa hiyo kilo na lita zinakaribiana sana.

Anayekama awe yule yule wa kila siku, kwa saa zile zile na chakula kile kile. Ng'ombe akishtuka, mwili wake humwaga homoni ya hofu inayozuia maziwa kushuka, na kundi la wageni wanaoongea kwa sauti nyuma yake linatosha kukupotezea lita 2 au 3. Waombe wasimame pembeni, kimya, na waoshe viatu kwa dawa kabla ya kuingia bandani, maana anayezunguka kutafuta ng'ombe anatoka kwenye mabanda ya watu wengine.

Mwache mnunuzi akame matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye kikombe cheusi. Maziwa yenye vibonge au majimaji ni dalili ya ugonjwa wa kiwele. Kama kuna chuchu iliyokufa, iandike kwenye tangazo. Ataigundua kwa dakika 1, na akiigundua mwenyewe hatakuamini tena katika lolote.

"Bei maelewano" iondoe. Andika namba. Sakafu ya bei ni kile ambacho mchinjaji angelipa kwa uzito wake; juu ya hapo unauza zile lita 1,800, mimba iliyothibitishwa na mizao ijayo.

Ningeliandika tangazo lako hivi, likijazwa baada ya daktari kupima na wewe kupima lita zako:

"Ng'ombe wa maziwa anauzwa. Miaka 5, mzao wa 3, alizaa tarehe ___. Wiki hii anatoa lita 15.5 kwa siku kwa mikamo miwili. Kilele cha mzao huu kilikuwa 22. Mimba ya miezi 2, imepimwa na daktari. Chuchu zote 4 zinatoa. Anakula majani na kilo ___ za chakula cha ziada kwa siku. Bei ___. Piga simu kwanza. Njoo saa 11 jioni ushuhudie mikamo mitatu, na unaweza kuja na daktari wako kuchukua damu ya kupima ugonjwa wa kutupa mimba."

Kilo za chakula usiziache. Atakayempeleka nyumbani na kumpunguzia chakula ataona maziwa yakianguka ndani ya siku chache, na simu yako ndiyo atakayoipiga. Mwambie pia kwamba safari yenyewe humpunguzia ng'ombe maziwa kwa siku kadhaa, na mpe mfuko wa chakula alichozoea, akichanganye na kipya kidogo kidogo kwa siku 10.