Picha ya Kabati Iliyotaja Geti Langu

Jumapili moja asubuhi kijana mmoja aligonga geti la nyumba yangu, Dar es Salaam, akanisalimu kwa adabu, "Shikamoo mama," nami nikamwitikia, kisha akaniambia amekuja kuliona lile kabati la mninga la milango mitatu. Mimi hununua samani zilizochakaa, huzikarabati uani kwangu na kuziuza kupitia tovuti ndogo niliyoifungua mwenyewe, lakini wateja huwa nawaelekeza kwenye fremu ya ndugu yangu iliyo barabara kuu, na sijawahi kuandika popote kwamba kazi hufanyika nyumbani. Nilipomuuliza nani amemwelekeza, alitoa simu yake, akaifungua picha ya kabati aliyoipakua kutoka kwenye tovuti yangu, akaisukuma juu kwa kidole, na chini yake ikatokea ramani yenye alama nyekundu juu ya paa langu. "Nimefuata picha, mama," alisema, na kwa kweli hakuwa na nia mbaya. Alinunua kabati lile siku hiyohiyo.

Baada ya yeye kuondoka niliihamishia picha ile kwenye kompyuta na kuichungulia kwa ExifTool, programu ya bure ya Phil Harvey inayosoma na kubadilisha taarifa zilizofichika ndani ya faili la picha, ambayo imekuwapo tangu mwaka 2003 na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Hutumika kwa kuandika amri, jambo linalowatisha wengi, ingawa amri zenyewe ni fupi. Hii huonyesha kila kilichomo na sehemu ya faili kinapokaa:

```
exiftool -a -G1 -s kabati.jpg
```

Mistari iliyorudi ilikuwa mingi, nami nanukuu michache tu, sekunde za mahali nikiwa nimezificha kwa sababu ambayo msomaji anaielewa:

```
[IFD0]    Model              : SM-A127F
[IFD0]    Orientation        : Rotate 90 CW
[ExifIFD] DateTimeOriginal   : 2022:08:13 07:41:26
[ExifIFD] OffsetTimeOriginal : +03:00
[GPS]     GPSLatitude        : 6 deg 46' **.**"
[GPS]     GPSLongitude       : 39 deg 14' **.**"
```

Sekunde moja ya latitudo ni takriban mita 31 ardhini, na simu huandika hadi sehemu za mia za sekunde. GPS yenyewe hukosea kwa mita chache ukiwa uani, na zaidi ukiwa ndani ya nyumba, lakini katika mtaa ambao viwanja vina upana wa mita ishirini kosa hilo halimfichi mtu. Muda nao ulinisumbua karibu sawa na mahali. Picha zangu nyingi zilipigwa kati ya saa moja na saa mbili asubuhi, siku za kazi zikarukwa katika wiki ambazo nilisafiri, hivyo mwenye subira angeweza kujua ni lini nipo na ni lini sipo. Aina ya simu ina madhara madogo kwa mtu kama mimi, isipokuwa kwamba huunganisha tangazo lisilo na jina na ukurasa wenye jina ikiwa picha zote mbili zimetoka kwenye kifaa kimoja. Wapiga picha wenye kamera kubwa wawe waangalifu zaidi hapo, kwa kuwa kamera nyingi za namna hiyo huandika namba ya kiwandani ya mwili wa kamera, na mara nyingine ya lenzi pia, ndani ya kila picha.

Nilidhani kusafisha kungechukua jioni moja, nikakosea. Tovuti yangu inaendeshwa na WordPress, ambayo tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 ikipokea picha inayozidi pikseli 2,560 hutengeneza nakala iliyopunguzwa yenye jina linaloishia na `-scaled`, kisha hutumia nakala hiyo kwenye kurasa huku picha halisi ikibaki kwenye seva. Hivyo `kabati-scaled.jpg` niliyoiona kwenye ukurasa ilikuwa na ndugu yake `kabati.jpg` katika folda ileile, na yeyote aliyefuta neno hilo kwenye anwani aliipata picha halisi na kila kilichomo. Pamoja na hizo zilikuwapo nakala ndogo kadhaa za kila picha. Nilipofuta tangazo, maandishi yaliondoka, picha zikabaki. Ilinibidi nizipakue zote, nizisafishe, nizirudishe kwa majina yaleyale ili kurasa zisivunjike, nifute hifadhi ya muda ya tovuti, na kisha nianze na yaliyo nje ya mamlaka yangu: kuiomba Google iondoe matokeo yaliyopitwa na wakati, na kuandika barua pepe kwa Internet Archive kuhusu kurasa zilizokwisha kuhifadhiwa. Nakala zilizo kwenye simu za wateja hazina wa kumwomba. Kazi hiyo ilinichukua wiki tatu za usiku, wakati kuisafisha picha kabla ya kuipandisha huchukua sekunde chache.

Sasa nina folda mbili. Picha kutoka kwenye simu huingia katika folda inayoitwa `ghafi`, na ninachopandisha hutoka katika `safi` peke yake. Kati ya hizo mbili ipo amri moja:

```
exiftool -o safi/ -all= -tagsfromfile @ -orientation -colorspacetags ghafi/
```

Sehemu ya `-all=` ndiyo inayofuta, na alama ya sawasawa haifuatiwi na kitu chochote, maana yake ni kwamba kila taarifa ipewe thamani tupu. Mwanzoni niliishia hapo, na makabati yangu yakalala ubavu kwenye tovuti. Simu inaposhikwa wima mara nyingi haiigeuzi picha yenyewe, bali huandika tu kwamba igeuzwe nyuzi 90 wakati wa kuonyeshwa, kama ule mstari wa `Orientation` hapo juu. Ukiufuta, picha hurudi katika ulalo wa kihisi cha kamera. Ndiyo sababu baada ya kufuta kila kitu amri inarudi kwenye faili lilelile, kwa alama ya `@`, na kuchukua mwelekeo pamoja na taarifa za rangi. Bila hizo za rangi, mninga uliopigwa na simu inayorekodi rangi pana unaweza kuonekana umefifia kwenye baadhi ya skrini, na mnunuzi wa samani hugombana juu ya rangi kuliko juu ya bei.

Sehemu ya `-o safi/` nayo imetokana na kosa langu. Bila hiyo, ExifTool husafisha faili papo hapo na kuacha nakala ya zamani kando yake, jina likiongezewa `_original`, yaani `kabati.jpg_original`. Ni uungwana wa programu, kwani inakulinda usipoteze picha. Mimi niliichukua folda nzima na kuipandisha kwenye seva, nakala za zamani zikiwa ndani yake, na niliziona siku nne baadaye nilipokuwa natafuta kitu kingine. Folda mbili zimeniondolea hatari hiyo, kwa sharti kwamba sipandishi chochote kutoka `ghafi`, hata nikiwa na haraka.

Kabla ya kupandisha huwa nauliza kama kuna picha katika `safi` ambayo bado ina mahali:

```
exiftool -r -if '$GPSLatitude' -filename safi/
```

Kwenye Command Prompt ya Windows alama hizo za nukuu ziwe za jozi, yaani `"$GPSLatitude"`. Jibu zuri linafanana na jibu baya: linasema, kwa mfano, `37 files failed condition`, na mara ya kwanza nilishtuka nikidhani kazi imeharibika. Maana yake ni kwamba picha 37 zimekaguliwa na hakuna hata moja iliyotimiza sharti la kuwa na latitudo. Pia ukiichungulia picha moja iliyosafishwa bado utaona jina la faili, ukubwa wake, tarehe ya faili na vipimo vya pikseli. Tarehe hiyo ni ya kompyuta yako, haisafiri ndani ya picha, na vipimo ni lazima viwepo ili picha ionekane.

Jina la faili, hata hivyo, husafiri. Simu nyingi huipa picha jina kama `IMG_20220813_074126.jpg`, ambalo ni tarehe na saa kamili zilizoandikwa wazi, na ExifTool haitaligusa usipoiambia. Mimi huipa kila picha jina la bidhaa na namba.

Kwa asiye na kompyuta, njia nyepesi ni kuzuia mahali pasiandikwe tangu mwanzo. Kwenye Samsung ni mipangilio ya kamera, kwenye `Location tags`. Kwenye iPhone ni `Location Services`, kisha `Camera`, kisha `Never`, na anayetaka kubaki na ramani ya picha zake za safari anaweza kuliondoa kwa kila picha anayoituma kupitia `Options` juu ya dirisha la kushiriki. Hatua hizi haziondoi aina ya simu wala saa. Wengine hupitisha picha WhatsApp kwanza, na ni kweli kwamba picha iliyotumwa kwa njia ya kawaida hubanwa upya na kupoteza mahali ilipopigwa, ila ubora nao hupungua. Na picha ileile ikitumwa kama `Document` hufika ilivyo, na taarifa zake zote. Barua pepe nayo huifikisha ilivyo. Kupiga picha ya skrini ni njia chafu lakini inafanya kazi, kwa mtu asiyejali mistari ya mbao kuonekana vizuri.

Kuna yale ambayo amri haiyaoni kwa kuwa yamo kwenye picha yenyewe. Nilipozirudia picha zangu nilikuta mbili zenye kibao cha namba ya nyumba tulichowekewa wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022, na moja ambayo mita ya LUKU ilikuwa nyuma ya meza, tarakimu zake zikisomeka bila taabu. Kioo cha kabati la nguo kilikuwa kimemchukua binti yangu akiwa na sare ya shule, jina la shule likiwa kifuani, limegeuka lakini linasomeka. Siku hizi nikipiga picha natundika shuka jeupe nyuma ya samani, na kioo nakifunika kwa karatasi la khaki hadi nimalize.