Wanajumlisha hela kichwani, lakini elfu mbili mia tano wanaandika 2000500

Swali: "Nafundisha watu wazima jioni huku Nakivale, Uganda, wengi ni wauzaji wa sokoni. Chenji hawakosei hata shilingi. Ila nikisema elfu mbili mia tano, nusu ya darasa wanaandika 2000500. Nimechora ubaoni mamoja, makumi, mamia, maelfu, hawashiki. Nifanye nini?"

Mwalimu, hao wanaandika kile wanachokisikia. Wamesikia "elfu mbili", wakaandika 2000. Wamesikia "mia tano", wakaongeza 500. Kila kipande ni sahihi, kinachokosekana ni kujua kwamba vipande hupandana. Ndiyo maana chati ya ubaoni haiwasaidii: inawaonyesha namba ikiwa imeshapandana tayari.

Tengeneza kadi za kupandanisha. Kata manila katika vipande vyenye kimo kimoja, na kila tarakimu uipe upana wa sentimita 5. Kadi za mamoja (1 hadi 9) zitakuwa na upana wa sentimita 5, za makumi (10 hadi 90) sentimita 10, za mamia 15, za maelfu 20, na za makumi elfu 25. Pima kwa rula, usikadirie. Upana ukitofautiana, kadi ya juu haitafunika sifuri za chini sawasawa, na mwanafunzi ataona vipande vya sifuri vikichungulia pembeni. Andika kwa makapeni nyeusi, tarakimu kubwa, kwa sababu taa ya sola ni hafifu na macho ya wengi yameanza kuchoka. Seti moja inatosha watu watatu.

Anza na hiyo hiyo 2,500. Mwambie aweke kadi ya 2000, kisha ya 500 kando yake. Mezani patasomeka 2000500, yaani kosa lake lenyewe. Usimsahihishe. Mwambie aisogeze 500 juu ya 2000 mpaka kingo za kulia zilingane. Inabaki 2500. Sasa ainue kadi ya juu aone sifuri zilikojificha, airudishe, asome tena. Hapo mwache arudie mara nyingi kadiri anavyotaka. Huo mkono unaoinua na kurudisha ndio unaofundisha.

Halafu 12,050: kadi ya 10000, ya 2000 na ya 50. Hakuna kadi ya mia, kwa hiyo sifuri ya 2000 inabaki wazi pale katikati. Mtu akiuliza sifuri hiyo ni ya nini, jibu analo mbele yake: hapakuwa na kitu cha kuifunika.

Ukitaka kuoanisha na hela, mwanzoni tumia 100, 1,000 na 10,000 tu. Mia kumi ni elfu, elfu kumi ni noti ya elfu kumi, sawasawa na nafasi za tarakimu. Noti za 2,000, 5,000, 20,000 na 50,000 ziweke kando kwa sasa, maana noti ni moja lakini tarakimu ni 2 au 5, na hapo watu huchanganyikiwa. Andika thamani kwenye vikaratasi. Usiwaombe watoe hela zao, asiyekuwa nayo ataona aibu. Kwa makumi na mamoja hela haisaidii sana, tumia vijiti vilivyofungwa kumi kumi.

Wakihamia daftarini, wachoree vyumba vitano, koma baada ya chumba cha pili. Kanuni ni moja: baada ya koma lazima ziwe tarakimu tatu. Inawasaidia pia kusoma kiasi kwenye meseji ya hela ya simu. Wakumbushe kwamba wakati wa kubonyeza kiasi, koma haiandikwi.

Baada ya wiki moja wasomee 3,070, 10,400 na 20,050, bila kadi. Anayeandika 300070 bado anabandika vipande kando kando, mrudishe kwenye kadi. Anayeandika 370 ana tatizo jingine: ameruka nafasi tupu, huyo mpe vyumba vitano na umwambie ajaze kila chumba kilicho baada ya koma. Ukiwapa wote zoezi moja, mmoja wao atapoteza jioni yake bure.

Na wewe mwenyewe chunga ulimi unaposomea namba. "Elfu ishirini na tano" inaweza kuwa 25,000 au 20,005. Sokoni haisumbui, kwani hakuna anayelipa shilingi tano. Kwenye idadi ya matofali au ya watu inasumbua, na mwanafunzi aliyeandika 20,005 hajakosea. Sema "ishirini na tano elfu" unapomaanisha 25,000, na "elfu ishirini", kisha utulie kidogo, ndipo "na tano" unapomaanisha ile nyingine.