Siku 75 za nini?

"Wakuu, duka langu la vifaa vya ujenzi linaonyesha faida, ila mzigo ukiisha sina hela ya kuagiza. Mauzo ya mwaka ni milioni 365, bei niliyonunulia mali hiyo milioni 292. Stoo kuna mali ya milioni 48, nadai wateja milioni 45, nadaiwa na wasambazaji milioni 24. Mhasibu kasema mzunguko wangu ni siku 75. Za nini?"

Mkuu, ni siku ambazo hela yako iko nje, tangu umlipe msambazaji mpaka mteja akulipe. Mali unayouza kwa siku uliinunua kwa laki 8, kwa hiyo stoo ya milioni 48 ni siku 60. Unauza milioni 1 kwa siku, kwa hiyo madeni ya wateja ni siku 45. Msambazaji naye anakusubiri siku 30, maana deni lake unaligawa kwa ile laki 8, si kwa mauzo. 60 jumlisha 45 toa 30, ndiyo hiyo 75.

Kwa shilingi, 48 na 45 ukitoa 24 unabaki na milioni 69 zimekaa kwenye mali na kwenye daftari la madeni. Mauzo yakikua kwa asilimia 20 na siku zikabaki zilezile, utahitaji karibu milioni 14 nyingine. Faida yako inaishia humo.

Mimi nina duka kama lako, na namba ninayoitilia shaka hapo ni 45. Mhasibu amegawa kwa mauzo yote, pamoja na ya keshi. Kama nusu ya mauzo yako ni keshi, wale wa mali kauli wanakulipa baada ya siku 90. Kwangu ilikuwa hivyohivyo. Nilipopanga madeni kwa umri, sehemu kubwa ilikuwa ya wakandarasi wachache wanaosubiri kulipwa na mwenye mradi. Mafundi wa mtaani, niliokuwa nawasumbua kila wiki, walikuwa wanalipa vizuri tu. Sasa mkandarasi hapakii mzigo mpya kabla hajapunguza ankara ya zamani. Wengine walihama, sikuwafuata.

Stoo nayo usiihesabu kwa mkupuo. Simenti haikai, na ikikaa inaganda. Kwangu marumaru za rangi zisizotakiwa na vitasa vya bei kubwa ndivyo vilikuwa vinavuta wastani juu. Chukua bidhaa moja moja, gawa thamani yake stoo kwa gharama ya mauzo yake ya siku, utaona ipi imelala.

Kumchelewesha msambazaji nako kunapunguza siku, lakini uliza kwanza punguzo la kulipa keshi ni kiasi gani. Ukikosa punguzo la asilimia 2 ili ukae na hela yake siku 30, huo ni mkopo wa karibu asilimia 25 kwa mwaka.

Ningeanza na wadaiwa. Ukiwashusha kutoka siku 45 hadi 30, milioni 15 zinarudi mkononi, na mzigo unaagiza bila kwenda benki.