Kiolezo cha shukrani za tasnifu: kitupe, uandike nani alifanya nini

> "Tasnifu yangu ya uzamili inaenda kujalidiwa Ijumaa, kilichobaki ni ukurasa wa shukrani. Rafiki amenipa kiolezo chake nibadilishe majina tu. Je, Mungu atangulie au wasimamizi? Iwe na urefu gani? Utafiti wangu ni wa wauza samaki, nilifanya kwa msaada wa mkalimani."

Kiache hicho kiolezo. Sijakiona lakini nakijua, kinasema hivi:

"Kwanza kabisa namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kunijalia afya na uzima. Pili, nawashukuru wasimamizi wangu kwa mwongozo wao usio na kifani. Tatu, naishukuru familia yangu kwa msaada wa hali na mali. Mwisho, nawashukuru wote walionisaidia kwa njia moja au nyingine ambao siwezi kuwataja mmoja mmoja."

Nimekosea wapi? Labda chako kina "shukrani za dhati" mahali fulani.

Mimi nilipewa changu na jamaa mmoja wa saiba huku Kondele, wale wanaochapa, kupanga kurasa na kupeleka kujalidi. Aliniambia kwa uhakika wa daktari, "Huko mbele hakuna anayesoma, wanaanzia ikisiri." Akanifungulia faili, nikajaza majina, nikalipa. Ndiyo, nililipia! Mtu aliyekuwa akinitoza kwa kila ukurasa alinishauri nisiumize kichwa juu ya ukurasa, nami sikushtuka.

Sasa sikiliza kilichotokea. Utafiti wangu ulikuwa wa akina mama wanaoanika na kuuza omena kando ya ziwa hapa Kisumu. Ufuo siutaji, na sababu utaiona chini. Mimi ni mtu wa Kakamega, Kiluo changu ni cha kununua nyanya Kibuye. Mama mmoja pale ufuoni akajitolea kunitafsiria, na kusema ukweli kutafsiri ndiko kulikuwa kudogo katika aliyonifanyia.

Hojaji yangu iliuliza, "Unauza kilo ngapi kwa siku?" Akina mama walijibu kwa adabu, mmoja kumi, mwingine arobaini, nami naandika kama karani wa benki. Siku moja yule mama akaniambia, hapa hakuna anayeuza kilo, wanakubahatishia ili usiaibike. Watu wanapima kwa gorogoro, na wanaopeleka mbali wanapima kwa gunia. Halafu kuna gorogoro iliyojazwa hadi mdomoni na kuna ya kilima, na bei ni tofauti. Akaazima mizani kwa mwenye posho mill, tukapima gorogoro ya omena wakavu, kisha ya omena waliopigwa na mvua wakaanikwa tena. Gorogoro ni mkebe wa kilo mbili za mahindi, lakini omena mkavu ni mwepesi, hafiki uzito huo hata ukilundika. Hesabu zangu zote za mapato zilikuwa uongo mpaka siku ile. Tukaandika upya maswali matatu, yeye akisema, mimi nikiandika.

Kisha mwezi wa Machi akanipigia simu: njoo umalize mahojiano sasa, kwa sababu uvuvi wa omena hufungwa Aprili hadi Julai, na ukichelewa utakuta ufuo mtupu na wanawake wako wameenda kulima. Ratiba niliyoipigia chapa vizuri kwenye pendekezo la utafiti ilikuwa imepanga ukusanyaji wa data mwezi wa Mei. Bila ile simu ningekuwa nahoji mitumbwi.

Sasa niambie, haya yote yamo wapi katika "wote walionisaidia kwa njia moja au nyingine"?

Nilipopata nakala nikampelekea, nikiwa na soda na mkate kama mgeni wa maana. Binti yake, aliye sekondari, akamsomea shukrani akimtafsiria. Mungu, naibu chansela, mkuu wa kitivo (ambaye sijawahi kukutana naye), wasimamizi, wazazi, wote. Mama akauliza, "Umemaliza?" Binti akasema ndiyo. Mama akasema ni kitabu kizuri, kina jalada gumu. Basi. Baadaye nikamwelekeza kwake mwanafunzi mwingine aliyetaka kusoma habari za omena. Akamwambia aende kwa wale walioandikwa kitabuni, watampeleka.

Na ujue hapo huna la kufanya tena. Masahihisho yana mwisho wake: ukishapitishwa na watahini, sahihi zikawekwa, nakala zikaenda maktaba na faili ikapandishwa kwenye hazina ya tasnifu ya chuo, ukurasa huo umefungwa. Ukikosea jedwali unaweza kulisahihisha ukiandika makala. Shukrani haina makala ya kusahihishia.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: jina, kitenzi, kitu. Nani, alifanya nini, nini kikabadilika kwenye tasnifu. Kitenzi kiwe cha kitendo ambacho mtu mwingine angekiona kwa macho. "Kuniongoza" hakionekani, "kunitia moyo" hakionekani. "Aliazima mizani" kinaonekana. Na ukitaka kuipima sentensi, ihamishie kwenye tasnifu ya jirani yako anayesomea uhasibu. Ikibaki kweli, ifute.

Utasema hukumbuki nani alifanya nini. Unakumbuka, ila umechoka. Fungua ujumbe wa M-Pesa wa kipindi chote cha utafiti, uone nani alikutumia nauli na tarehe gani. Fungua rasimu zilizorudi na maoni ya pembeni. Fungua daftari la uwandani. Jioni moja inatosha. Nilipofanya hivyo, nikiwa nimeshachelewa, aya yangu ya wasimamizi ilitoka hivi (majina nimeyatoa hapa, kwenye karatasi yawepo):

"Msimamizi wangu wa kwanza alinirudishia Sura ya Nne ikiwa na swali moja pembeni, 'Gorogoro ya kilima au ya mdomo?', na kwa swali hilo nikatenganisha jedwali moja kuwa mawili. Msimamizi wa pili alikataa kichwa cha tasnifu mpaka neno 'athari' lilipotoka, kwa sababu sikuwa na data ya kuonyesha athari."

Na ya familia:

"Kaka yangu alinitumia nauli ya kwenda ufuoni kila mwisho wa wiki bila kuuliza nitamaliza lini. Mke wake aliuliza, na ndiyo maana nimemaliza."

Shemeji aliipenda hiyo kuliko tasnifu yenyewe. Nimemchapia kwenye karatasi peke yake, maana kwenye kitabu haimo.

Sasa mkalimani wako, na hapa uwe mwangalifu kuliko mimi. Angalia fomu ya ridhaa uliyowasomea wahojiwa. Ikiwa uliahidi kuwaficha, na mkalimani wako naye ulimhoji, huwezi kumwandika kwa jina bila kumwuliza kwanza na kupata kibali chake kwa maandishi. Wala usijidanganye kwamba ukiandika "mwenyekiti wa akina mama wa ufuo fulani" umemficha, kwa sababu pale ufuoni mwenyekiti ni mmoja, na tasnifu siku hizi inasomwa na yeyote mwenye simu. Ikiwa aliyosema kuhusu kodi za ufuo au bei za mawakala yanaweza kumletea maneno, umemuuza. Ama upate kibali, ama uondoe jina la ufuo, umwandike kwa alichofanya:

"Mama aliyenitafsiria, ambaye kwa ombi lake simtaji, alinieleza kwamba hojaji yangu inauliza kipimo ambacho hakuna anayekitumia. Maswali ya 7 hadi 9 yamo humu kama alivyoyasema yeye."

Hata bila jina, binti akimsomea hiyo, mama atajua ni yeye. Na jambo kama hilo lisiishie kwenye shukrani. Kwangu lilipaswa kuingia pia kwenye sura ya mbinu za utafiti, kwamba vipimo vilibadilishwa baada ya majaribio na kwa ushauri wa nani. Shukrani si mahali pa kufichia mchango wa kitaaluma.

Onyo lingine, kwa sababu kitenzi halisi kina makali. Rafiki yangu alifuata kanuni hii akaandika kwamba anamshukuru fulani "kwa kunichambulia data na kuniandikia matokeo." Nikamwambia hiyo si shukrani, hiyo ni taarifa ya polisi. Kama ukiandika kitenzi cha kweli unaogopa mtahini atakiona, dawa si kurudi kwenye "msaada wa hali na mali." Rudi kwenye hiyo sura uifanye mwenyewe. Mhariri wa lugha uliyemlipa hana shida, sema alihariri lugha, na uangalie kama mwongozo wa chuo chako unataka itamkwe.

Wafadhili ndio pekee usiowabunia maneno. Kama barua ya ufadhili ina sentensi yao na namba ya ruzuku, nakili ilivyo. Kibali cha NACOSTI kinakaa kwenye viambatisho, hakihitaji kushukuriwa. Naibu chansela mwache afanye kazi yake.

Kuhusu Mungu kutangulia, mweke unapotaka, hajawahi kurudisha tasnifu ya mtu kwa sababu ya mpangilio. Urefu, ukurasa mmoja. Ukizidi, kuna mtu umemshukuru kwa cheo chake.

Leo ni siku gani? Kama Ijumaa bado, mpigie mkalimani wako sasa hivi umwulize kama anataka jina lake liwemo na liandikwe vipi, herufi kwa herufi. Kisha weka hapa hiyo aya yake tuione. Ya Mungu na wazazi usituwekee, tunaijua kwa moyo.