Maneno ya kumpeleka mtazamaji kwenye video inayofuata

Swali: Ninafundisha utengenezaji wa baiskeli YouTube. Mwishoni mwa kila video husema, "Asanteni kwa kutazama, msisahau kuangalia video zangu nyingine," na visanduku vya video vinatokea. Karibu hakuna anayevigusa. Ninakosea wapi?

Jibu: Ninashuku neno "asanteni". Mtazamaji akilisikia hujua kwamba alichokifuata kimekwisha, naye huondoka kabla hajakiona kisanduku chochote. Kulithibitisha hili, fungua YouTube Studio uitazame grafu ya watazamaji waliobaki: mstari ukiporomoka pale pale unapoanza kushukuru, tatizo si visanduku, bali ni uchache wa waliosalia kuviona.

Badala ya kuaga, taja jambo ambalo video yenyewe imeliacha wazi. Tuseme umeonyesha jinsi ya kuziba pancha. Mara tu kiraka kinaposhika, bila kubadili sauti, sema: "Tyubu ikitoboka tena karibu na hapa, huenda kuna mwiba au kipande cha waya kilichobaki ndani ya tairi, na kiraka kipya hakitasaidia. Namna ya kukisaka bila kujikata vidole nimeionyesha kwenye video hii." Maneno haya hayamwombi mtazamaji hisani yoyote, yanamtajia shida ambayo yeye mwenyewe anaweza kukutana nayo kesho.

Skrini ya mwisho huwekwa katika sekunde 5 hadi 20 za mwisho wa video. Kisanduku kianze kuonekana unapotamka neno "tyubu", si unapofika "video hii", ili mtu apate muda wa kukiona na kukigusa ukiwa bado unazungumza. Kwa kuwa umeitaja video moja mahususi, ichague wewe mwenyewe. Ukiiachia YouTube imchagulie kila mtazamaji, maneno yako yataelekeza kwenye mwiba na kisanduku kitaonyesha breki. YouTube inaruhusu hadi vipengele 4, lakini mimi hubakia na kimoja, au viwili nikiongeza cha kujisajili, kwa sababu video tatu zikipangwa pamoja mtazamaji hulazimika kuchagua, na aghalabu huchagua kuondoka.

Kuguswa kwa kisanduku bado si kurefuka kwa utazamaji. Katika takwimu za video ile ya pili, tazama wale waliotoka kwenye skrini za mwisho wamekaa kwa wastani wa muda gani. Ikiwa wanaingia wengi na kutoka baada ya sekunde chache, huenda video hiyo inaanza kwa salamu na utangulizi mrefu, ilhali wao walikuja kusaka mwiba. Ukate utangulizi huo kwa kihariri kilichomo ndani ya Studio, mkono uonekane ndani ya tairi tangu mwanzo.